Picha za Safari Zimejaa Folda Moja: Mwongozo Kamili wa Kuzipanga kwa Tarehe, Watu, Mahali au Ubora

Wasomaji wengi wanaoniandikia kuhusu picha za safari wanakwama pale pale. Wanaletewa folda moja yenye picha mia kadhaa, wanaambiwa "zipange," nao wanaanza kwa kutengeneza folda nne: Watu, Sehemu, Tarehe na Nzuri. Saa moja baadaye picha ya bibi akiwa ufukweni Nungwi imenakiliwa mara tatu, picha za kamera zimechanganyika na za siku nyingine, na hakuna anayejua ipi ni nakala na ipi ni asili.

Kosa ni kuzipa njia nne za kupanga kazi moja. Picha moja ilipigwa siku moja tu, kwa hiyo inaweza kukaa katika folda ya siku hiyo bila ubishi. Lakini picha hiyo hiyo inaweza kuwa na watu sita, na ubora wake ni maoni ya mtu. Hivyo basi: tarehe ndiyo iwe folda, ubora uwe nyota, watu wawe lebo, na mahali paandikwe katika jina la folda. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya hivyo hatua kwa hatua kwenye kompyuta ya Windows.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Familia imekutana Unguja kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 hadi 1 Januari 2025. Ndugu wa Dar es Salaam wamepiga kwa simu ya Samsung, dada aliyetoka Maskati amekuja na aifoni na kamera yake, na wengine wametuma picha zao kwa WhatsApp. Jumla ni kama faili 1,400, zote katika folda moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye nafasi angalau mara mbili ya ukubwa wa folda. Kama folda ni gigabaiti 9, uwe na 18 na ushee.
- Diski ya nje au flashi ya kuwekea nakala ya akiba.
- Programu ya digiKam, ya kutazama picha na kuziwekea nyota na lebo. Ni ya bure, na inafanya kazi bila intaneti baada ya kuisakinisha.
- Programu ya ExifTool, ya kusoma na kubadilisha taarifa zilizo ndani ya picha, nayo ya bure. Kwa Windows inapakuliwa ikiwa na jina `exiftool(-k).exe`. Libadilishe liwe `exiftool.exe`, na usiitenganishe na folda ya `exiftool_files` inayokuja nayo.
- Kama kuna picha za aifoni zenye mwisho wa `.HEIC`, sakinisha `HEIF Image Extensions` kutoka Microsoft Store. Bila hiyo Windows inaweza kushindwa kuzifungua.
- Karatasi na kalamu. Utaandika ratiba ya safari na tofauti za saa.

Simu pekee haitoshi kwa kazi hii. Unaweza kuangalia na kufuta kwa simu, lakini kusahihisha saa za picha mia nne kwa mkupuo kunahitaji kompyuta.

## Hatua ya 1: Uliza picha ni za kazi gani

Kabla ya kugusa faili yoyote, mpigie aliyekuletea folda na umuulize swali moja: zikishapangwa, nani atazitafuta na atatafuta nini?

Majibu huwa machache. Akisema anataka kumbukumbu ya safari nzima, fuata mwongozo huu kama ulivyo. Akisema anahitaji picha 40 za kuchapisha kesho, anza na ubora (Hatua ya 6) na uache mengine yasubiri. Kama folda ni ya harusi au ya arobaini ya marehemu, ambako kila tawi la ukoo litaomba picha zake, mkazo uhamie kwenye lebo za watu. Mahali panakuwa folda kuu pale tu safari ilipopita miji mingi kwa wiki nyingi na watu wanaikumbuka kwa miji.

Hata katika hali hizo, tarehe sahihi zinabaki kuwa msingi. Kamera nyingi hazirekodi mahali, lakini zinarekodi saa. Ukijua kwamba alasiri ya tarehe 30 mlikuwa Paje, picha zote za alasiri hiyo umeshazijua mahali pake, hata zile zisizo na GPS. Ukianza na mahali huku saa hazilingani, huna cha kukuongoza.

Swali la pili, kama muda unaruhusu: kuna picha ambazo hazipaswi kuonwa na kila mtu? Nitalirudia kwenye hatua ya watu.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika kwa sentensi moja nani atatumia picha na kwa nini.

## Hatua ya 2: Weka nakala ya akiba, kisha usiiguse

Nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Ipe jina lisiloacha shaka, mfano `ZANZIBAR-ASILI-USIGUSE`. Bofya kulia folda ya asili, chagua `Properties`, uandike idadi ya faili na ukubwa wake. Fanya hivyo kwa nakala pia. Namba zikitofautiana, hata kwa faili moja, nakili upya.

Sababu ni kwamba hatua ya 4 inabadilisha taarifa zilizo ndani ya picha. Ukikosea bila nakala, saa za asili zimepotea.

Onyo: usifanyie kazi moja kwa moja ndani ya flashi. Faili likifutwa kwenye flashi, kwa kawaida haliendi kwenye `Recycle Bin`, linatoweka. Vilevile usifute picha ndani ya Google Photos ukidhani unasafisha kompyuta. Kama simu ya mwenye picha imeunganishwa na akaunti hiyo, picha itaondoka na kwenye simu yake.

## Hatua ya 3: Tenganisha kwa kifaa kilichopiga

Hatua hii ndiyo watu wengi wanaiona ya ziada na kuiruka, kisha wanakwama mbele. Kila kifaa kina saa yake. Huwezi kusahihisha saa ya kamera kama picha zake zimechanganyika na za simu ambazo saa zake ziko sawa.

Panga kwa jina, yaani bofya safu ya `Name`. Majina yenyewe yatakueleza:

- `20241227_181240.jpg` ni Samsung. Jina lina tarehe na saa ndani yake.
- `IMG_4821.HEIC` ni aifoni.
- `DSC_0312.JPG` ni kamera, kwa mfano Nikon.
- `IMG-20241228-WA0031.jpg` imepita WhatsApp. Herufi `WA` ndizo alama.

Tengeneza folda nne: `Samsung`, `Aifoni`, `Kamera` na `WhatsApp`. Hamisha kila kundi mahali pake. Ukiwa na shaka na faili fulani, lifungulie `Properties`, kisha `Details`. Chini ya `Camera model` utaona jina la kifaa.

Onyo kuhusu aifoni: mara nyingi faili mbili zina jina moja, `IMG_4821.HEIC` na `IMG_4821.MOV`. Hizo ni picha moja yenye mwendo mfupi ndani yake. Zihamishe pamoja. Na kama kuna aifoni mbili, kila moja iwe na folda yake, kwa sababu zote zinaweza kuwa na `IMG_4821`. Windows ikikuuliza kama ibadilishe faili lililopo, usikubali kamwe. Simamisha na utazame.

Utajua umefaulu ukijumlisha idadi ya folda zote nne na kupata namba ile uliyoandika hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Sahihisha saa

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiharakishe.

### Tarehe ipi ndiyo ya kweli?

Faili moja lina tarehe kadhaa. `Date modified` hubadilika faili likihaririwa, na `Date created` mara nyingi ni siku ulipolinakili kwenye kompyuta. Ile unayoitaka ni `Date taken`, iliyoandikwa ndani ya picha na kifaa wakati wa kupiga.

Fungua folda, chagua mwonekano wa `Details`, bofya kulia kwenye vichwa vya safu, kisha weka alama kwenye `Date taken`. Bofya safu hiyo ili ipange. Usitumie safu iliyoandikwa `Date` tu, kwa kuwa pale inapokosa tarehe ya kupigwa inaweza kuweka tarehe nyingine bila kukwambia.

### Kwa nini vifaa havikubaliani

Simu hujirekebisha yenyewe inapopata mtandao wa nchi uliyofika. Kamera kwa kawaida haifanyi hivyo. Dada aliiseti kamera yake Maskati, na Omani iko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Basi kamera ilipofika Unguja iliendelea kuhesabu saa za Maskati.

Saa moja inaonekana ndogo, lakini inatosha kuvuruga. Chakula cha usiku kitatokea baada ya picha za kulala, na picha iliyopigwa saa tano na nusu usiku itahamia siku inayofuata.

Kuna tofauti nyingine mbili ambazo hujitokeza sana. Ukikuta kamera imekosea kwa saa kumi na mbili kamili, aliyeiseti alichanganya asubuhi na jioni. Ukikuta imekosea kwa saa sita kamili, kuna uwezekano mkubwa aliandika saa kwa hesabu yetu: ilikuwa saa tatu asubuhi, naye akaandika 3:00 badala ya 9:00.

### Kutafuta tofauti halisi

Usikisie. Tafuta tukio moja lililonaswa na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Tukio zuri ni la nukta moja: keki inakatwa, mtu anaruka, mlango wa boti unafunguliwa. Picha ya watu waliokaa mezani haifai, maana wanaweza kukaa hivyo nusu saa.

Katika mfano wetu, jioni ya kwanza familia ilikuwa Forodhani ikiwatazama vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Samsung na kamera zote zimemnasa kijana mmoja akiwa hewani. Samsung inasema 18:12:40. Kamera inasema 19:14:05. Tofauti ni saa 1, dakika 1 na sekunde 25: saa moja ya Maskati, na dakika moja na ushee ambayo saa ya kamera ilikuwa imetangulia.

Windows inaweza isikuonyeshe sekunde. Ukizitaka, fungua `Command Prompt` ndani ya folda kuu (andika `cmd` kwenye upau wa anwani wa folda, kisha `Enter`), halafu uandike amri hii. Faili la `exiftool.exe` na folda yake viwe humo humo.

```
exiftool -DateTimeOriginal Kamera/DSC_0312.JPG
```

Kabla ya kusahihisha, thibitisha kwa tukio la pili la siku nyingine. Kama tarehe 30 nayo inatoa tofauti ile ile, endelea. Kama inatoa tofauti nyingine, mwenye kamera alibadilisha saa katikati ya safari, nawe itabidi ugawe folda ya `Kamera` mara mbili na kusahihisha kila sehemu peke yake.

Kama hakuna tukio la pamoja, mwombe mwenye kamera apige picha ya uso wa simu inayoonyesha saa. Linganisha saa inayosomeka ndani ya picha na `Date taken` ya picha hiyo. Njia hii inafaa ikiwa tu hajaigusa saa ya kamera tangu safarini.

### Kusahihisha

Kamera iko mbele, kwa hiyo tunaondoa:

```
exiftool "-AllDates-=0:0:0 1:1:25" Kamera
```

Sehemu ya kwanza ni mwaka, mwezi na siku; ya pili ni saa, dakika na sekunde. Kamera ingekuwa nyuma, ungeweka `+=` badala ya `-=`.

Onyo: amri hii iendeshwe mara moja tu. Ukiirudia, inaondoa tena saa moja nyingine. ExifTool inaacha nakala ya kila picha yenye mwisho wa `_original`, kwa hiyo ukikosea bado unaweza kurudi. Ukisharidhika na matokeo, zifute nakala hizo kwa `exiftool -delete_original Kamera`.

Ikague aifoni pia. Kama dada aliiacha bila mtandao saa za mwanzo, picha za bandarini zinaweza kuwa na saa za Maskati na zilizofuata zikawa na za Unguja.

Utajua umefaulu ukifungua picha tatu za kamera za nyakati unazozijua na kuona saa inakubaliana na mwanga. Unguja mwishoni mwa Desemba jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa moja. Picha ya machweo inayosema 18:35 ina akili. Inayosema 19:35 haijasahihishwa.

## Hatua ya 5: Tengeneza folda za siku

Chukua karatasi yako uandike ratiba ya safari. Usipoikumbuka, pitia picha za Samsung kwa mpangilio wa saa nayo itajiandika. Kisha tengeneza folda kuu `Zanzibar 2024`, na ndani yake:

- `2024-12-27 Boti na Forodhani`
- `2024-12-28 Changuu`
- `2024-12-29 Shamba la viungo Kizimbani`
- `2024-12-30 Jozani na Paje`
- `2024-12-31 Nungwi`
- `2025-01-01 Kurudi Dar`

Mwaka unatangulia kwa sababu kompyuta hupanga majina herufi kwa herufi. Ukianza na siku, tarehe 01 Januari itakaa juu ya 27 Desemba. Tumia kistari, Windows haikubali mkwaju katika jina la folda.

Tazama pia kwamba mahali pameshaingia ndani ya jina. Mtu akitafuta `Paje` kwenye kompyuta, folda inatokea. Huhitaji folda ya pili ya mahali.

Kuhamisha kwa mkono ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya folda ya `Samsung`, panga kwa `Date taken`, bofya picha ya kwanza ya siku, shika `Shift`, bofya ya mwisho, kata na ubandike. Siku sita kwa vifaa vitatu ni mara kumi na nane tu. Kwa folda ya `Aifoni` nashauri ufanye hivyo kwa mkono daima, ukipanga kwa jina, ili `.HEIC` na `.MOV` zenye jina moja ziende pamoja.

Kama picha ni nyingi na safari ndefu, kwa kamera na Samsung unaweza kuiachia ExifTool:

```
exiftool "-Directory<DateTimeOriginal" -d "Zanzibar 2024/%Y-%m-%d" Kamera
```

Itatengeneza folda za tarehe na kuhamisha picha. Wewe utaongeza majina ya mahali baadaye. Faili lenye jina linalofanana likiwa tayari liko, ExifTool inalalamika na kuliacha pale lilipo. Haifuti la kwanza.

Video nyingi zitabaki, kwa kuwa hurekodi muda kwa namna nyingine, mara nyingi kwa saa za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Za Samsung zipange kwa majina yake, yanayobeba saa za hapa. Za kamera ziweke kwa kutazama.

Na usiku wa manane je? Picha za mkesha wa mwaka mpya Nungwi zinavuka 00:00. Kikalenda picha ya 00:04 ni ya tarehe 1 Januari. Kwa msimamo wangu iache kwenye folda ya tarehe 31, kwa sababu mtu atakayeitafuta atatafuta mkesha, hatatafuta safari ya kurudi. Sogeza kwa mkono kila picha iliyopigwa kabla ya watu kulala. Tarehe iliyo ndani ya picha usiibadilishe.

### Picha za WhatsApp

Hizi ziwe za mwisho. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa na kuondoa taarifa za ndani, ikiwemo `Date taken`. Tarehe iliyo katika jina, kama `20241228`, haitoki kwenye kamera iliyopiga. Ni ya picha kupita WhatsApp. Na namba baada ya `WA` ni hesabu tu, usiisome kama saa.

Kwa hiyo kwanza angalia kama asili yake unayo tayari. Katika mfano wetu nyingi za `WA` ni picha zile zile za Samsung zilizotumwa kwenye kundi la familia. Ukipata asili, ile ya WhatsApp iweke kando. Zinazobaki, ziweke kwenye siku yake kwa kutazama: nguo walizovaa watu, mahali, mwanga. Zile usizoweza kuziweka, tengeneza folda `Tarehe haijulikani`. Ni bora ziwe hapo kuliko siku isiyo yake. Na kama aliyezipiga anafikika, mwombe azitume tena kwa njia ya `Document`. Kwa njia hiyo faili linafika kama lilivyo, na tarehe yake ndani.

Utajua umefaulu ukifungua folda ya tarehe 30, ukapanga kwa `Date taken`, na ukaiona siku ikijisimulia: kima punju wa Jozani kwanza, kisha njia, kisha bahari ya Paje, huku picha za vifaa vitatu zikipokezana bila kurukaruka.

## Hatua ya 6: Chuja kwa ubora, mara mbili

Watu wengi hutaka kuanza hapa, na ndiyo maana wanachoka. Ubora hauhukumiwi picha ikiwa peke yake. Unahukumiwa kwa kuilinganisha na zile zilizopigwa nayo. Ukiwa umeshapanga saa, picha nane za kobe mmoja wa Changuu zimekaa jirani, kutoka vifaa vyote, na uamuzi unachukua sekunde chache.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuondoa tu. Fungua folda ya siku katika digiKam, pitia picha moja moja kwa haraka. Ondoa zilizopigwa kwa bahati mbaya, zilizotikisika hadi nyuso hazisomeki, giza tupu, na picha za uso wa simu. Usizifute. Zihamishie folda `_Kando` iliyo ndani ya folda kuu. Usitafute nzuri katika mzunguko huu. Macho yakifanya kazi mbili kwa pamoja yanachoka upesi.

Kuna picha mbaya ambayo hupaswi kuiondoa: ile iliyo pekee ya mtu au ya tukio. Kama babu ametokea katika picha moja tu siku ile, na imetikisika kidogo, inabaki.

Mzunguko wa pili ni wa kuchagua. Ufanye siku nyingine kama unaweza. Kwa kila kundi la picha zinazofanana, zikuze hadi asilimia 100 na utazame macho. Picha ndogo hudanganya. Iliyo kali ikiwa ndogo inaweza kuwa na ukungu ikikuzwa. Katika picha ya kundi, chagua ile ambayo wazee na watoto wametokea vizuri, hata kama wewe umefumba jicho. Watu wazima wa kati watapigwa tena mwaka huu huu.

Toa nyota: 3 kwa picha ya kumwonyesha mgeni, 5 kwa picha ya kuchapisha na kutundika. Zinazobaki ziache bila nyota. Nyota 1, 2 na 4 usizitumie. Madaraja mengi yanakufanya ubishane na nafsi yako kwa kila picha.

Katika mipangilio ya digiKam, chini ya `Metadata`, hakikisha umeruhusu nyota na lebo ziandikwe ndani ya faili zenyewe. Usipofanya hivyo, zinabaki kwenye hifadhidata ya kompyuta yako, na ukimpa ndugu folda hatazikuta.

Utajua umefaulu kama ukichuja picha za nyota 5 unapata kama tatu hadi nane kwa kila siku. Ukipata arobaini kwa siku moja, hujachagua bado.

## Hatua ya 7: Weka lebo za watu

digiKam inaweza kutafuta nyuso na kukusanya zinazofanana. Itakuomba kwanza kupakua faili za kazi hiyo, nazo ni kubwa kiasi, hivyo tumia waifai. Utambuzi wenyewe unafanyika kwenye kompyuta yako. Picha hazitumwi popote.

Ifundishe kwanza watu wachache unaowajua kwa kuthibitisha nyuso kumi hadi ishirini za kila mmoja, kisha iache ipendekeze. Kagua mapendekezo. Hukosea zaidi kwa watoto ndugu wanaofanana, kwa miwani ya jua, na kwa nyuso za pembeni. Aliyevaa nikabu haitamtambua. Huyo mwekee lebo kwa mkono kama mwenyewe ameridhia.

Tumia majina yasiyogongana. Familia yenye akina Fatma watatu haisaidiwi na lebo `Fatma`. Andika `Fatma wa Maskati`, `Bi Fatma mkubwa`. Na usiandike `Mama`, kwa sababu folda hii itasomwa na watu wenye mama tofauti.

Huna haja ya kumwekea lebo kila aliyepita nyuma ya picha. Wanafamilia wanatosha.

Hapa ndipo lile swali la pili linaporudi. Katika safari ya familia huwa kuna picha za ndani: akina mama wakiwa bila buibui au mtandio, watoto wakioga, pasipoti zilizopigwa kwa ajili ya tiketi. Zipe lebo `Ndani` unapozipitia, zote bila kubagua. Utaihitaji lebo hiyo katika hatua ya mwisho, na kuikosa ndiko kunakoleta ugomvi usioisha ndani ya ukoo.

Utajua umefaulu ukibofya jina la bibi na kuona picha zake za siku zote sita, bila kunakili faili hata moja.

## Hatua ya 8: Toa seti ya kugawa

Chuja nyota 3 na zaidi, ondoa zenye lebo `Ndani`, kisha nakili zilizobaki kwenye folda mpya `Ya-kugawa`, iliyo nje ya `Zanzibar 2024`. Hapa ndipo mahali pekee ambapo kunakili kunaruhusiwa, kwa sababu folda hii ni ya muda na unaweza kuifuta kesho.

Picha za simu hubeba GPS ikiwa mwenyewe aliiruhusu. Kwa picha za Forodhani haina madhara. Kwa picha za nyumbani kwa shangazi, inamwonyesha mpokeaji nyumba ilipo. Iondoe kwenye seti hii tu:

```
exiftool "-gps:all=" Ya-kugawa
```

Kisha futa nakala za `_original` zilizobaki humo kwa `exiftool -delete_original Ya-kugawa`, la sivyo utawatumia watu GPS ile ile uliyoiondoa.

Tuma kwa `Document`, au weka kwenye flashi. Ukituma kama picha za kawaida, ndugu watapokea faili ndogo zisizo na tarehe, na mwakani watakuletea folda ya `WA` uipange upya.

Folda ya `_Kando` iache mpaka kila aliyesafiri ameziona picha na kusema zimekamilika. Kuna atakayeuliza, "Ile yangu pale kwenye boti iko wapi?" Ukiikuta ndani ya `_Kando`, irudishe kwenye folda ya tarehe 27. Wakishamaliza kuuliza, futa `_Kando`, hesabu faili zilizobaki, na unakili folda ya `Zanzibar 2024` kwenye diski ya nje, kando ya ile ya asili.